Hiyo CV ya asilimia 35 mmeitoa wapi?

Pipeti_Magomeni: Jamani nimechoka. Niko Bagamoyo, maabara ya mradi, na jedwali langu limerudishwa mara ya tatu. Sampuli tano za kingamwili kwa elisa zimesoma 10, 20, 40, 40 na 320. Kwanza wakataka wastani wa kawaida: 86, mkengeuko 131. Watu wanne kati ya watano hawafiki hata nusu ya huo wastani! Ukitoa 131 kwenye 86 unapata hasi 45, na kingamwili hasi nani kaiona? Nikaweka wastani wa kijiometri, 40, wakakubali. Sasa safu ya CV ya kijiometri. Mtakwimu kachukua logi asilia, kagawa mkengeuko wake, 1.297, kwa wastani wake, 3.689, kaandika asilimia 35. Mmoja ana mara 32 ya mwenzie, halafu mtawanyiko ni 35? Kumuuliza, eti "ndivyo CV inavyopigwa."

Binti_Chuda: Pole. Mimi huku Tanga nimetuma CV nne tangu Januari, hata kupigiwa simu hakuna.

Pipeti_Magomeni: Dada, si CV ya kuombea kazi hiyo 😅

Mzee_Kaole: Mwanangu, umeonewa. Mwambie abadilishe kipimo tu: kila namba aigawe kwa 1000. Wastani wa logi unakuwa hasi 3.219, mkengeuko haubadiliki, na CV yake inageuka hasi 40. Sampuli ni zilezile! Mkengeuko wa logi hauna haja ya kugawiwa na kitu, tayari unasema watu wamepishana mara ngapi. Inayotakiwa ni hii, `s` ikiwa mkengeuko wa logi asilia:

```
sqrt(exp(s^2) - 1) * 100
```

Kwako inatoka 209.

Fundi_Sahani96: Mzee usitupotoshe. Nimeweka hiyo kwenye Excel, napata 61.

Mzee_Kaole: Umetumia `LOG10`, siyo?

Fundi_Sahani96: Ndiyo, logi si logi? Wastani mbona umenitokea 40 sawasawa.

Mzee_Kaole: Wastani haujali, maana unapanda na kushuka kwa ngazi ileile. Fomula hii inajali. Zidisha mkengeuko wako kwa 2.303 kwanza, au tumia `LN`.

Fundi_Sahani96: Imekuja 209. Haya, nimenyamaza.

Pipeti_Magomeni: Na sampuli zilizosoma chini ya kikomo cha kipimo je? Sifuri haina logi. Sisi huweka nusu ya kikomo.

Mzee_Kaole: Zikiwa mbili tatu kati ya mia, sawa, ila iandikwe chini ya jedwali. Zikiwa robo ya sampuli, hiyo nusu uliyoibandika ndiyo itakayoamua `s`, siyo damu za watu. Hapo mimi na wenzangu bado tunabishana. Na hiyo 209 yako usiishikilie sana: sampuli tano, na ukiondoa ya 320 inaporomoka hadi 74.

Pipeti_Magomeni: Siiondoi, imepimwa mara mbili. Ila bosi kanijibu sasa hivi: jedwali lishasainiwa, na 35 yake humohumo.