Kibali kimerudishwa kwa ajili ya karo la choo: kiwanja cha Uyole

Kutoka: Dada wa Uyole, Leicester

Ndugu zangu, salaam. Maombi yangu ya kibali cha ujenzi yamerudishwa kwa mara ya pili. Ramani ya nyumba haina tatizo, ila wameandika kwamba mchoro wa kiwanja hauonyeshi umbali kutoka shimo la kufyonzea hadi kisima kilicho karibu, na kwamba hakuna kipimo cha udongo. Mdogo wangu alipokwenda dirishani aliambiwa kipimo hicho kisainiwe, lakini hakuambiwa kisainiwe na nani.

Kiwanja ni mita 20 kwa 30. Barabara iko upande wa kaskazini, na ardhi inashuka taratibu kuelekea kusini kwa jumla ya kama mita moja na robo. Jirani wa chini ana kisima kifupi cha kuchota kwa ndoo, mita 6 hivi nje ya pembe yangu ya kusini-magharibi. Watakaoishi humo ni watu 8, pamoja na wale wa nyumba ndogo ya uani, na wakati wa Krismasi tunafika 14. Fundi amechora karo la mita 3 kwa 2, kina mita 2, na shimo moja la duara lenye upana wa mita moja na nusu na kina cha mita 3, akaliweka pembe ileile ya chini kwa sababu maji yanakwenda yenyewe. Naomba kujua kama vipimo hivi vinafaa, shimo liwekwe wapi, na zaidi ya yote, ni saini ya nani inayokubaliwa.

Kutoka: Kaka wa Mafinga, Birmingham

Dada, huku hesabu yake ni nyepesi. Unazidisha idadi ya watu kwa lita 180, kisha unaongeza lita 2,000. Kwa watu 8 unapata lita 3,440. Karo la fundi wako ni lita 12,000, kwa hiyo una zaidi ya mara tatu ya unachohitaji, na karo kubwa namna hiyo halitafurika hata wageni wakijaa. Mimi ningemwacha fundi aendelee, nikalisogeza mita 7 kutoka kwenye nyumba, basi.

Kutoka: Mwana wa Njombe, Johannesburg

Naona watu wanahangaika na kisima cha jirani. Dada, chimba kisima kirefu cha kwako, uachane na cha jirani. Mimi nilichimba Makambako na maji ni safi mpaka leo.

Kutoka: Dada wa Uyole, Leicester

Kaka wa Njombe, ahsante, lakini sijauliza habari ya maji yangu ya kunywa. Nimeuliza namna ya kutoharibu maji ya jirani. Kisima hicho kinatumiwa na kaya nne, na mama yule ndiye aliyenibeba mgongoni.

Kutoka: Mzee wa Iringa, Minneapolis

Wanangu, hamjambo. Nilikuwa bwana afya kwa miaka mingi katika wilaya za nyanda za juu kabla sijaja kukaa kwa binti yangu, na mashimo niliyoyakagua ni mengi. Naomba nimsahihishe kijana wa Birmingham, kwa sababu alichosema kuhusu ukubwa wa karo ni kweli, lakini alichohitimisha si kweli.

Karo likishajaa mara ya kwanza, ambako ni jambo la siku chache, kila lita inayoingia husukuma lita moja nje. Kazi yake ni kuyatuliza maji kwa muda wa siku moja hivi ili tope lizame na mafuta yaelee, na kulihifadhi tope hilo mpaka gari la maji taka lije. Watu 8 wakitumia lita 100 kila mmoja, zinatoka lita 800 kwa siku, liwe karo la lita 3,000 au la lita 12,000. Kwa hiyo nyumba hufurika kwa sababu ya udogo wa shimo la kufyonzea, na udogo wa karo ni mara chache sana kuwa ndiyo sababu.

Sasa tutazame shimo la fundi. Kitako chake tusikihesabu, kwa maana huzibwa na tope laini mapema. Kinachofyonza ni kuta. Duara la mita moja na nusu, kina mita 3, lina kuta za mita za mraba 14 hivi. Udongo wa kichanga chenye rutuba kama wa huko Uyole, baada ya mwaka mmoja wa kupakwa utelezi wa maji machafu, nisingeuhesabia zaidi ya lita 20 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Hizo ni lita 280 dhidi ya 800 zinazoingia. Fundi amemwaga saruji mahali pasipohitajika, akabana mahali panapohitajika.

Kwa karo, kina cha maji mita moja na nusu, upana mita moja na urefu mita 2.4 vinakupa lita 3,600. Humo siku ya Krismasi yenye lita 1,400 inaenea, na tope la miaka mitatu pia, kwa kadiri ya lita 40 kwa mtu kwa mwaka, ambalo kwa watu 8 ni lita 960. Ligawe kwa ukuta: chumba cha kwanza kichukue theluthi mbili za urefu, na cha pili theluthi moja. Bomba la kuingia na la kutoka yafungwe ti, yaani viungio vya umbo la T, zinazozama ndani ya maji, na la kutoka liwe chini ya lile la kuingia kwa sentimita 5 hadi 7. Pasipo ti ya kutokea, mafuta hutoka na maji na kuziba udongo ndani ya msimu mmoja. Nimeona hilo mara nyingi kuliko kosa lingine lolote.

Kabla ya kuzungumza mahali, nahitaji kipimo cha udongo na kina cha maji ya kisima yanapokuwa juu kabisa, yaani mwezi wa Aprili. Jirani atakukumbukia.

Kutoka: Dada wa Tukuyu, Oslo

Shikamoo Mzee. Nimesoma na nikaona nyumba yetu. Kila masika choo cha mama kilikuwa kinarudisha maji, tukalipia gari la kunyonya mara tatu, na baada ya wiki moja shimo limejaa tena. Gari lilikuwa linanyonya maji ya ardhini yaliyokuwa yakirudi shimoni kutoka pembeni. Baadaye tuligundua pia kwamba mtu alikuwa ameunganisha mifereji ya bati kwenye chemba ya choo, na kwa mvua ya Tukuyu mnajua maana yake. Hapa nilipo mvua ni ya manyunyu, na siku nyingine natamani kelele ya ile ya nyumbani juu ya bati, lakini kwa kweli iende kwenye mtaro wake.

Kutoka: Mzee wa Iringa, Minneapolis

Marahaba, mwanangu. Shimo lenu lilichimbwa kiangazi, na kitako chake kikafika mahali ambapo masika ni maji. Kati ya kitako na kimo cha juu cha maji ya ardhini ibaki mita moja na nusu angalau, na zikiwa 2 ni bora zaidi, kwa kuwa maji huchujwa na udongo mkavu.

Kutoka: Dada wa Uyole, Leicester

Mdogo wangu amepima. Alichimba kishimo, akamwaga maji, na yakashuka sentimita 15 kwa dakika 20. Mama jirani anasema mwezi wa Aprili maji huwa mita 4 chini ya mdomo wa kisima.

Kutoka: Mzee wa Iringa, Minneapolis

Je, alikilowesha kishimo tangu jana yake? Na alichimba kina gani? Sasa ni Septemba, ardhi ni kavu na ina nyufa, na maji ya kwanza hupotea humo bila kutuambia lolote. Achimbe mpaka kina cha mtaro wa kufyonzea utakaokuwapo badala ya shimo, kisha chini yake achonge kishimo cha sentimita 30 kila upande, akijaze, akiache usiku kucha, na asubuhi akijaze upya ndipo aanze kuhesabu. Akikutana na tabaka la mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini, asisimame hapo wala asifurahi, kwa sababu maji yanayokimbia sana hufika kisimani kabla hayajachujwa.

Kutoka: Dada wa Uyole, Leicester

Amerudia kama ulivyoelekeza, kwenye kina cha mita moja na robo, upande wa barabara. Safari hii sentimita 15 zimechukua dakika 50. Mawe mepesi hakuyaona.

Kutoka: Kaka wa Mafinga, Birmingham

Dakika 50 ni sekunde 20 kwa kila milimita. Kwa kanuni ya huku unazidisha watu 8 kwa 20 kwa robo, unapata mita za mraba 40. Lakini hizo ni za kitako cha mtaro, Mzee, si za kuta.

Kutoka: Mzee wa Iringa, Minneapolis

Nami napata 40, kwa maana lita 800 zikigawanywa kwa 20 ni 40, ila mimi nahesabu kuta. Kanuni yako inafuata mitaro yenye kina kifupi, yenye mabomba ya matundu, na kwa upana wa sentimita 60 ungehitaji zaidi ya mita 60 za mtaro, ambazo kiwanja hiki hakina. Tutabaki tukitofautiana hapo, kijana.

Dada, badala ya shimo refu chimba mitaro miwili ya mita 10, yenye mita moja ya kokoto chini ya bomba. Kuta mbili za kila mita zinakupa mita za mraba 2, na kwa mita 20 unatimiza 40. Kitako kiwe sawa kwa pima maji, hata kama juu ardhi inashuka. Mitaro ikiishia kina cha mita moja na nusu, tena upande wa juu wa kiwanja, maji ya Aprili yako mbali vya kutosha.

Kuhusu mahali, nimezoea kudai mita 30 kutoka kisimani. Kwa kisima kilichopo pale, nusu ya chini ya kiwanja chako yote imeondoka, na kinachobaki ni pembe ya kaskazini-mashariki, kando ya barabara. Ni bahati upande mmoja, kwa sababu gari la kunyonya litafika, ila pako juu kuliko ulipochora choo. Hamisha vyoo na jiko upande huo wa nyumba, na uinue msingi kwa kozi tatu za tofali, ili bomba la inchi 4 lishuke sentimita moja kwa kila sentimita 40. Hilo linabadilisha ramani.

Kutoka: Dada wa Uyole, Leicester

Nimeelewa, na mchoraji ameanza kuigeuza. Nauliza tena: karatasi ya kipimo isainiwe na nani? Wakati wako, Mzee, ulisaini mwenyewe?

Kutoka: Mzee wa Iringa, Minneapolis

Nilisaini, lakini baada ya kusimama penye kishimo na kuyaona maji yakishuka.

Kutoka: Mwana wa Njombe, Johannesburg

Makambako walikubali saini ya fundi.

Kutoka: Dada wa Tukuyu, Oslo

Kwetu waliikataa ya fundi, wakataka ya mhandisi aliyesajiliwa. Mdogo wako aombe jibu hilo kwa maandishi.