Naomba ushauri: bei ya chini kabisa ya zabuni, 14.17 au 15.23?

Habari zenu wakuu. Naandaa zabuni ya kusambaza vipuri 100,000 kwa mwaka, miaka 5, bei moja bila kubadilika.

Mashine ni 900,000, uchakavu sawa kila mwaka hadi sifuri, na mwishoni itauzika 100,000 kabla ya kodi. Mtaji wa kuendeshea ni 75,000, unarudi mwaka wa 5. Gharama za kudumu ni 240,000 kwa mwaka, na kila kipuri kinagharimu 9. Kodi ni 30%, kiwango cha punguzo 12%.

Bosi anasema 13.20 inatosha kwa sababu inarudisha gharama zote pamoja na uchakavu. Kwa bei hiyo, thamani halisi ya sasa inanijia hasi, kama 244,000. Nikarudi nyuma: nikaiweka iwe sifuri, nikapata fedha zinazohitajika kila mwaka, takriban 247,650, kisha nikatoa bei: 14.17.

Hapo ndipo nikakwama. Hiyo 12% tayari ina mfumuko wa bei ndani yake, ila gharama nimeziacha palepale. Nilipozipandisha 5% kila mwaka kuanzia mwaka wa pili, bei ikaruka hadi 15.23. Naogopa kushindwa zabuni, lakini naogopa zaidi kuishinda kwa hasara.

Je, 15.23 ndiyo sakafu halisi, au niombe kipengele cha kurekebisha bei kisha nianze na bei ya chini zaidi? Na mtaji wa kuendeshea, nao niupandishe?