Ukuta wa bwawa letu Mufindi: mkandarasi kapiga hesabu ya kupinduka tu, ya kuteleza kamwachia nani?

Wakuu salaam. Naomba leo msinipoze, nimekuja kulalamika.

Kijijini kwetu huku Mufindi tumejengewa ukuta wa zege kukinga kijito, maji yapate kumwagilia bustani na kuendesha kamtambo kadogo ka umeme. Kimo chake ni mita 6, juu una unene wa mita 1, chini kwenye kitako mita 4. Upande wa maji umesimama wima, upande wa bondeni umelala. Mvua za safari hii zimelijaza bwawa hadi ukingoni kwa mara ya kwanza, na pale kidoleni mwa ukuta, kona ya chini kabisa upande wa bondeni, yanachuruzika maji ambayo kiangazi hayakuwepo.

Nikamfuata mkandarasi. Jibu lake: "Mzee wangu, ukuta ule haupinduki hata uuletee tingatinga." Nikadai karatasi za hesabu maana kamati ya maji ina haki nazo. Baada ya kuzungushwa weee, nikapewa ukurasa mmoja. Mmoja! Una hesabu ya kupinduka, jibu 2.6, na mhuri chini yake. Basi.

Nikakaa nikairudia mwenyewe, kwa kipande cha ukuta chenye urefu wa mita moja. Maji ya kina cha mita 6 yana shinikizo la sifuri juu na tani 6 kwa mita ya mraba chini, wastani tani 3. Zidisha kwa mita 6, msukumo ni tani 18. Msukumo huo unakaa kwenye theluthi ya kimo kutoka chini, yaani mita 2, kwa hiyo momenti ya kuupindua ukuta kuzunguka kidole ni 36. Zege nimelipigia tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Sehemu ya mstatili ina tani 14.4 na iko mita 3.5 kutoka kidoleni. Ya pembetatu ina tani 21.6 na iko mita 2. Jumla uzito tani 36, na momenti inayoukalisha ukuta chini ni 93.6. Gawa kwa 36, kweli inakuja 2.6. Hapo hajadanganya.

Lakini nani kamwambia ukuta lazima upinduke ndipo uue watu? Si unaweza kusogea ukiwa wima vilevile? Nilipomuuliza hilo akacheka, akasema bwawa lenyewe dogo, maji yamerudi nyuma kidogo tu, hayana nguvu. Nikajua kumbe naongea na nani. Maji yawe yamerudi nyuma mita hamsini au kilomita hamsini, ukuta unasikia kina tu.

Na siku wanamwaga zege la kitako nilikuwepo. Mwamba ulikuwa na utelezi wa tope la kijito. Hawakuusugua kwa brashi ya waya, hawakuuchonga uwe na meno. Jioni kazi ikasimama, asubuhi wakamwaga zege jipya juu ya la jana, lina ule utando mweupe laini wa saruji, hata kuuparua hawakuuparua. Nikauliza, nikaambiwa niwaachie wataalamu.

Sasa nawauliza wataalamu wa humu: huo msuguano wa kitako na mwamba unazizuia tani 18? Na kwa nini hesabu yake haipo?

Zege_Bichi: Mkuu, hasira yako ina haki, tena umeibana mno.

Ukuta wa namna hii kuteleza ndiko kunakotangulia. Sukuma kabati ukiwa umeinama chini, litasogea kabla halijaanguka. Na maji yanasukuma chini, kwenye theluthi, umeshasema mwenyewe. Zege juu ya mwamba uliosafishwa vizuri wengi tunaanza na msuguano wa 0.7. Tani 36 mara 0.7 ni 25.2, gawa kwa 18 unapata 1.4. Mkandarasi wako angeiandika hiyo, angalau tungesema kajaribu, maana hali ya kawaida tunataka 1.5.

Shida kubwa ni kwamba wewe na yeye wote mmesahau maji yaliyo chini ya ukuta. Kwenye kisigino, upande wa bwawa, maji yana shinikizo la tani 6 kwa mita ya mraba. Yanapenya kati ya zege na mwamba, yanaibukia kidoleni ambako shinikizo limeisha. Wastani wake tani 3, mara mita 4 za kitako: tani 12 zinauinua ukuta kutoka chini. Uzito unaobana mwamba umebaki tani 24. Mara 0.7 ni 16.8. Na msukumo ni 18.

Yaani 0.93. Chini ya moja.

Kupinduka nako hakubaki 2.6. Hizo tani 12 zinakaa karibu na kisigino, mita 2.67 kutoka kidoleni, zinaongeza momenti ya 32 kwenye upande wa kupindua. Sasa ni 93.6 kwa 68, kama 1.4. Haupinduki, ila angalia nguvu zote kwa pamoja zinatua wapi kwenye kitako: toa 68 kwenye 93.6, gawa kwa 24, ni mita 1.07 kutoka kidoleni. Ili kitako chote kiendelee kubana mwamba zinatakiwa zitue ndani ya theluthi ya kati, kuanzia mita 1.33. Zikitua nje, kisigino kinaachia, ufa unafunguka pale chini ambapo huwezi kuuona, maji yanaingia ndani zaidi kwa shinikizo lilelile la tani 6, na hesabu ya tani 12 inakuwa ya zamani.

Fundi_Mwashi_Iringa: Naheshimu maelezo ila tusitishane. Mwamba wa huko ni mgumu, maji hayapiti ndani ya jiwe. Hiyo nguvu ya kuinua ni ya kwenye mchanga. Ukuta wa Kihansi ni wa zege, una kimo cha mita 25, mbona umesimama?

Zege_Bichi: Fundi, jiwe lenyewe halipitishi, hapo uko sawa. Ila maji hayahitaji kupita ndani ya jiwe, yanapita kwenye nyufa zake na kwenye maungio na zege, na hapo kwa mwenzetu maungio yana tope. Kuta kubwa za zege huchimbiwa mashimo ya kuyatoa hayo maji na huchomwa saruji kwenye mwamba upande wa bwawa ili kuyapunguza. Watu hawakuyagundua hayo kwa kusoma tu. Kule Austin, Pennsylvania, Januari 1910 bwawa lilijaa na ukuta wa zege wa kimo cha kama mita 15 ukateleza karibu nusu mita upande wa chini. Haukupinduka. Wakapunguza maji, baadaye wakalijaza tena bila kuutengeneza ipasavyo. Tarehe 30 Septemba 1911 ukaondoka, wakafa watu 78.

Mama_Perege_Tukuyu: Jamani na mimi bwawa langu la samaki linavuja chini ya tuta, maji yanatoka na udongo mwekundu. Nikiweka zege upande wa nje litaacha kuteleza? Udongo wetu huu wa Rungwe unakunywa maji sana.

Zege_Bichi: Mama shikamoo. Lako ni tuta la udongo, halitelezi kwa hesabu hizi. Maji yakitoka na udongo ina maana yanalila tuta kutoka ndani. Usilizibe kwa zege upande wa nje, maji yatatafuta pengine pa kutokea. Shusha maji leo, kisha fungua uzi wako, tutakuja.

Kipimo_Njombe: Swali kwa Zege. Kama ni 0.93, mbona bado umesimama? Isije ikawa mnamharibia mkandarasi jina kwa kalamu.

Zege_Bichi: Swali zuri. Mimi nimehesabu msuguano mtupu, na nimechukulia shinikizo linashuka kwa mstari ulionyooka kutoka kisigino hadi kidole. Kuna mahali zege limeng'ang'ania mwamba, na huko kung'ang'ania ndiko kunakobeba kilichopungua. Ni kiasi gani, hakuna ajuaye bila kutoboa na kutoa sampuli. Kwa jinsi kitako kilivyomwagwa juu ya tope, mimi nisingekiwekea hata kilo moja kwenye hesabu. Hata ile 0.7 nimemkopesha.

Kipimo_Njombe: Sawa. Mkuu mwenye uzi, basi pimeni badala ya kubishana. Simika vigingi viwili vya chuma ng'ambo zote mbili, mbali na ukuta, vuta uzi juu ya ukingo na weka alama za rangi kila baada ya mita chache. Soma kila bwawa linapopanda. Yale maji ya kidoleni nayo yakinge kwa ndoo, andika inajaa kwa muda gani na kama yana matope. Ukuta ukitoka kwenye uzi hata milimita chache, watu wa chini waondoke kwanza, maneno baadaye.

Fundi_Mwashi_Iringa: Haya, tuseme mko sahihi. Dawa si ni kutoboa na kushindilia nondo za nanga mpaka kwenye mwamba?

Zege_Bichi: Nanga ni dawa, ila ziwe zimevutwa kwa mashine, na mwamba wa chini uchunguzwe kwanza. Nondo iliyochomekwa tu inasubiri ukuta usogee ndipo ianze kazi. Dawa ya leo haina gharama. Mwenye uzi, mnaweza kushusha maji mita moja?

Mlalamikaji (mwenye uzi): Tunaweza. Pale maji yanapofurikia kuna mbao za kuchomeka, zikitolewa zote maji yanashuka mita 1.

Zege_Bichi: Basi hesabu na mimi. Kina kikiwa mita 5, msukumo unashuka kutoka tani 18 hadi 12.5. Maji ya chini yanainua tani 10. Uzito unaobaki ni 26, mara 0.7 ni 18.2, gawa kwa 12.5 unapata 1.46. Nguvu zinatua mita 1.77 kutoka kidoleni, zimerudi ndani. Mita moja tu. Msukumo unakwenda na kina mara kina, ndiyo maana ile mita ya juu ndiyo inayowaua. Msizitoe mbao zote kwa mkupuo, toeni moja moja na mwambieni wanaofua kule chini.

Mlalamikaji (mwenye uzi): Nimempigia mwenyekiti. Hataki. Anasema bila ile mita umeme hautafika zahanati, na mkandarasi kamhakikishia kwa simu kwamba 2.6 ni kubwa kuliko 1.5 kwa hiyo hakuna tatizo. Nimemwambia hiyo 2.6 ni ya swali lingine. Nimechapisha hesabu zenu, wajumbe wa kamati wanne wameshasaini mbao zitoke, na barua inakwenda ofisi ya bonde ikiwa na picha za kidoleni. Mkandarasi tumemwandikia alete hesabu ya kuteleza yenye maji ya chini ndani yake, na aeleze ile 0.7 anaipata wapi kwenye tope.

Kipimo_Njombe: Mimi ningemwanzia na 0.6. Hata kwa mita 5 inakuja 1.25 tu.

Fundi_Mwashi_Iringa: Ndiyo maana nasema nanga.