Naomba ushauri: ujumbe wa kumwalika fundi wa majahazi kwenye chaneli yangu ndogo

Mtoto wa Pwani:
Asalaam alaykum jamani. Nina chaneli ya YouTube ya mafundi wa mikono, wafuatiliaji 340. Nataka kuzungumza na fundi mmoja mzee wa Nungwi anayeunda majahazi. Hapa kwetu akisema mkuku haufai, mbao inarudishwa, hakuna wa kumbishia. Nimeandika hivi, sijatuma bado:

"Shikamoo Mzee. Nakualika kwa mahojiano kwenye chaneli yangu. Yatachukua muda mfupi tu. Utajulikana dunia nzima na utapata faida nyingi. Naomba unijibu kabla ya Ijumaa."

Mwaka jana nilimwandikia fundi mwengine maneno kama haya. Akasoma, akanyamaza mpaka leo. Nimekosea wapi?

Tezo na Kekee:
Marehemu baba alikuwa kwenye kazi hiyo. Kwanza futa "muda mfupi". Mzee akilisikia hilo anahesabu dakika kumi, halafu wewe unamweka hadi adhana. Hesabu kweli: kupanga simu na maikrofoni robo saa, mazungumzo dakika 40, kumpiga picha akifanya kazi nusu saa. Mwambie saa moja na nusu, na ikifika, funga hata kama utamu haujaisha.

Siku nayo utazame mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvu, maji yanapanda sana na ndipo watu wanaposhua vyombo. Ukimwita siku hizo unamwita akiwa na watu ishirini wanamsubiri. Mwombe siku za maji mafu, kama wiki moja baadaye, baada ya sala ya alasiri.

Halafu "mahojiano" kwa mzee ni neno la polisi. Andika "mazungumzo", utaje jambo moja unalotaka kulijua. Ningekuwa wewe ningeuliza kalafati tu: anavyoisukuma pamba yenye mafuta kati ya mbao, na anavyojua kwa mlio wa nyundo kwamba imekaza. Mwenye kazi yake akisikia swali kama hilo anajua umekuja kujifunza.

Mpemba Mjini:
Faida iwe ya pesa. Mwahidi nusu ya malipo ya matangazo, atakubali siku hiyo hiyo.

Tezo na Kekee:
Ni kweli asipunjwe. Lakini ili YouTube wagawane nawe pesa za matangazo wanataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Yeye ana 340. Atakuwa amemwahidi mzee nusu ya kitu ambacho hakipo.

Bi Mkubwa wa Dawa:
Mimi niliwahi kuitwa nizungumzie miti shamba. Nikaeleza saa nzima, wakatoa sentensi moja, ile niliyosema dawa fulani inafaa, wakaacha pale niliposema ina hatari kwa mjamzito. Watu walinijia nyumbani. Mwanangu, muandikie kwamba ataiona video kabla haijatoka, na asilolitaka litakatwa.

Kijana wa Mkokotoni:
Maikrofoni ya kubana kwenye kanzu ni bei gani sasa? Upepo wa kule unanishinda.

Mtoto wa Pwani:
Ahsanteni, Bi Mkubwa hasa. Nimeandika upya:

"Asalaam alaykum Fundi, shikamoo. Mimi ni mjukuu wa jirani yako wa zamani, nina chaneli ndogo ya YouTube, watu 340, wengi vijana wa hapa hapa. Naomba tuzungumze juu ya kalafati: unavyofanya, na unavyojua kazi imekamilika. Nakuja mimi na mwenzangu mmoja, hapo hapo unapofanyia kazi. Itachukua saa moja na nusu, siku ya maji mafu unayoitaka, baada ya alasiri. Utaitazama kabla haijatoka na usilolipenda nitalikata. Siri ya kazi usiyotaka kuitoa, sitakuuliza. Nitakuletea nakala kwenye memori, ibaki kwa wajukuu zako, na ukitaka nitaweka namba yako kwa wanaotafuta fundi. Ukiona haifai, heshima yako iko pale pale."

Tezo na Kekee:
Sasa hii inasomeka. Usiitume kwenye simu yake lakini. Mpe mjukuu wake amsomee jioni.

Mpemba Mjini:
Na ujira wa hiyo saa na nusu? Ameacha tezo chini kwa ajili yako.

Bi Mkubwa wa Dawa:
Ukimlipa atasema unayotaka kusikia. Chukua sukari na majani ya chai.

Mpemba Mjini:
Sukari hailipi vibarua wake.

Mtoto wa Pwani:
Hapo bado sijaamua. Mjukuu amemsomea jana. Mzee ameuliza kitu kimoja tu: fundi mwenzake waliyejifunza naye utotoni anaweza kuja kukaa pembeni, amkumbushe anaposahau? Nimesema aje.