Tupeane uzoefu: sevisi chaji ya fleti imepanda bila maelezo, wewe ulifanyaje?

Binti Siyu
Wadau mlionunua fleti Uingereza, leteni yaliyowakuta. Naanza na yangu.

Niko Reading, jengo letu lina fleti 24. Lizi yangu, yaani mkataba wa kumiliki fleti kwa muda, ni ya miaka 125, na inasema kila fleti inalipa sehemu moja ya 24 ya gharama za jengo, ndiyo sevisi chaji yenyewe. Mwaka wa nyuma nililipa pauni 1,840. Safari hii ikaja bili ya pauni 2,690. Karatasi moja, jumla moja, na sentensi inayosema gharama zimepanda. Pauni 850 zaidi, na mimi nalea watoto wawili peke yangu.

Nilipiga simu kwa wakala wa jengo mara tatu, nikajibiwa kwa upole bila kupewa chochote. Mama mmoja wa ghorofa ya chini akaniambia: mwanangu, simu haiachi alama, andika. Nikaandika barua nikiomba muhtasari wa gharama za mwaka wa hesabu uliofungwa, chini ya kifungu cha 21 cha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 1985. Muhtasari ulipofika nikaandika tena, kifungu cha 22, kuomba nione risiti na ankara zenyewe. Hiyo ya pili ina muda wake: uiombe ndani ya miezi 6 tangu upate muhtasari. Kuziangalia ni bure, nakala ndizo wanaweza kukutoza.

Nikakaa ofisini kwao asubuhi nzima na daftari. Zile 850 zikagawanyika hivi: paa 450, lifti 120, bima 160, na vidogo vidogo 120.

Sasa sikilizeni. Jengo letu halina lifti! Ile ilikuwa ankara ya jengo la jirani, wanalolisimamia wao pia. Hiyo waliifuta palepale.

Paa lilikuwa la kweli, mafundi niliwaona mwenyewe. Lakini kazi yote ilikuwa pauni 10,800, yaani 450 kwa kila fleti. Kazi ikizidi pauni 250 kwa fleti yoyote, kifungu cha 20 kinawataka watuandikie kwanza, watupe nafasi ya kusema na kupendekeza fundi, kisha watuletee makadirio ya bei. Hatukupata hata barua moja. Wasipofanya hivyo, kwa kazi hiyo wanaishia 250 kwa fleti. Niliwaandikia hesabu hiyo, wiki 5 baadaye wakanirudishia 200.

Kwa hiyo jumla nimeokoa 320. Bima bado tunavutana. Nani mwingine?

Kijana wa Tabata
Pole dada. Mimi mwenye nyumba kanipandishia kodi kutoka laki mbili hadi laki mbili na nusu, na anataka ya miezi sita. Hiyo barua ya kifungu cha 21 naiandikaje?

Binti Siyu
Mdogo wangu, hiyo ni sheria ya Uingereza na Welisi, haitakufikisha popote Tabata. Na sisi hatupangi kwa mwezi. Fleti tumeinunua, ila ardhi na jengo ni la mtu mwingine, ndiyo maana tunamlipa sevisi chaji na kodi ya ardhi. Wewe anza na mkataba wako, uone unasemaje kuhusu kupandisha kodi.

Mzee wa Luton
Nawaambia njia fupi: msilipe! Mimi niligoma miezi minne wakanyoosha mikono. Na kodi ya ardhi ilishafutwa tangu 2022, anayewadai ni tapeli.

Shangazi Hesabu
Kaka yangu, heshima yako, lakini hapo umechanganya mambo, na kuna watu watakufuata waumie.

Nimefanya kazi ya hesabu za majengo miaka 11, upande wa mawakala. Kuzuia malipo kunaruhusiwa kwa sababu mahususi. Kila bili ya sevisi chaji lazima ije na karatasi ya haki na wajibu wako. Isipokuwepo, una haki ya kuzuia mpaka waitume. Pengine ndicho kilichotokea kwako. Lakini wakishaituma, ukiendelea kugoma kwa kuwa tu bei imekukera, wanaweza kukushtaki, na wengine humwendea benki aliyekukopesha, benki inalipa na kuongeza kwenye deni lako. Lipa unachokubali, na kwa kile unachobishia andika kwamba unalipa huku ukipinga. Kulipa peke yake hakuhesabiwi kuwa umekubali. Bado unaweza kwenda baraza la majengo kuomba liamue kama gharama ni ya haki.

Sheria ya 2022 inahusu lizi mpya, zilizotolewa kuanzia tarehe 30 Juni mwaka huo, na nyumba za wastaafu zilifuata baadaye. Lizi za zamani kodi yake iko palepale.

Na wewe Binti Siyu, hongera, ila usiwaambie majirani kwamba 250 ni ukuta. Mwenye jengo anaweza kuliomba baraza limsamehe kutofuata kifungu cha 20. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2013, swali kubwa ni hili: kutoshirikishwa kumewadhuru nini? Ukiweza kuonyesha kuwa fundi mwingine angefanya paa lilelile kwa bei ndogo, umesimama vizuri. Ukisema tu hukuandikiwa barua, huenda usipate kitu.

Mpemba wa Leicester
Yangu ni kodi ya ardhi. Lizi ilianza Juni 2008 kwa pauni 250 kwa mwaka. Mwaka 2017 wakanidai 500. Nikaenda nimewaka moto kudai maelezo, kumbe maelezo nilikuwa nayo kabatini: lizi inasema kodi inakuwa maradufu kila baada ya miaka 10. Wakili wangu wa ununuzi hakunieleza, nami nilisaini.

Ila miaka 10 tangu Juni 2008 ni Juni 2018! Walikuwa wamewahi mwaka mzima. Nikawaandikia na nakala ya ukurasa ule, wakarudisha 250. Juni 2028 itakuwa 1,000, na silali vizuri nikiifikiria.

Shangazi Hesabu
Ndiyo tofauti yake, mdogo wangu. Sevisi chaji unaweza kuhoji kama ni ya haki. Kodi ya ardhi unahoji tu kama lizi inasema hivyo, na kama wamekudai kwa fomu ya kisheria inayokupa siku 30 hadi 60. Bila fomu hiyo hudaiwi bado. Ulizia kurefusha lizi kwa njia ya sheria ya 1993, maana kodi ya ardhi inafutika hapo. Ila pata bei ya mthamini kwanza, kwa sababu kodi inayojirudufu hupandisha gharama ya kurefusha.

Wa Kilimani
Huku Nairobi wenye fleti ndio wenye hisa kwenye kampuni ya jengo, na bado tulikaa miaka mitatu bila kuona hesabu. Tulipozidai kwenye mkutano mkuu, tuligundua dizeli ya jenereta inanunuliwa hata miezi ambayo stima haikupotea. Kodi ya ardhi sisi inaenda serikalini. Huku mhasibu ni shemeji wa mwenyekiti, sijui tunamtoaje.

Binti Siyu
Shangazi, nimeelewa kuhusu paa. Kuna swali la bima: ankara waliyonionyesha ni ya dalali, si ya kampuni ya bima yenyewe. Naweza kuuliza kamisheni ni kiasi gani?

Shangazi Hesabu
Uliza, tena kwa maandishi, na uombe bima yenyewe uisome. Nimeona kamisheni kubwa kuliko ulivyodhani. Kama ukilinganisha, hakikisha bei unayoleta ni ya jengo lilelile, thamani ileile ya kujenga upya na historia ileile ya madai. Jengo lenu limewahi kuvuja maji?

Binti Siyu
Mara mbili mwaka juzi, ghorofa ya tatu.

Shangazi Hesabu
Basi sehemu ya zile 160 inaweza kuwa ya kweli. Subiri karatasi.