Nimepandisha chapati, faida yake imeshuka. Nirudishe bei?

MamaKokoto: Habari za jioni wakuu. Nina banda la chakula ndani ya kambi ya wachimba kokoto, na hakuna banda jingine humo. Chapati nilikuwa nauza 500, andazi kubwa 300. Unga, mafuta na mkaa vinanila 300 kwa chapati na 150 kwa andazi. Nimepandisha chapati hadi 600, zikashuka kutoka 200 kwa siku hadi 120. Maandazi sikuyagusa, yakapanda kutoka 150 hadi 210. Shemeji kapiga hesabu: chapati ilileta faida ya 40,000, sasa 36,000. Anataka nirudishe.

Kandambili: Shemeji yuko sahihi. Wateja 80 si mchezo.

mzee_wa_daftari: Shemeji kahesabu sufuria moja, dada ana mbili. Kati ya hao 80, 60 wamehamia kwenye maandazi, na kila andazi linamwachia 150. Hiyo ni 9,000. Toa 4,000 iliyopotea kwenye chapati, kabaki na 5,000 zaidi kwa siku. Walioondoka kweli ni 20 tu.

Kandambili: Hapo nimekuelewa. Basi aache maandazi yalivyo, aendelee kupandisha chapati.

mzee_wa_daftari: Nusu yake. Chapati ya 600 inamwachia 300, si 200 tena. Kwa hiyo mteja anayeliacha andazi na kushika chapati ana thamani kuliko zamani, na bei ya andazi nayo inatakiwa kufikiriwa upya. Tuseme analipandisha hadi 350 na wateja 45 wanaliacha. Maandazi 165 kwa faida ya 200 ni 33,000, kutoka 31,500. Wakihamia 30 kwenye chapati, anaongeza 9,000 nyingine. Ila 45 na 30 nimezibuni mimi. Ajaribu andazi peke yake wiki mbili, asiguse chapati, na akwepe wiki ya mishahara.

binti_stendi: Kwangu kinyume! Nilishusha chai, chapati zikaisha saa mbili asubuhi.

mzee_wa_daftari: Chai na chapati huliwa pamoja, mwanangu. Chapati na andazi zinagombea tumbo moja.

MamaKokoto: Kwa hiyo nipande tu hadi wapi? Na kijana wangu wa kukanda unga, malipo yake niyaweke kwenye hesabu ipi?

mzee_wa_daftari: Kijana unamlipa hata ukiuza chapati moja, usimtie kwenye ile gharama ya 300 kwa chapati. Hadi wapi, sijui. Ukinyoosha mstari kwenye karatasi kwa namba zako na zile nilizobuni, zitakupeleka juu sana, lakini umeona hatua moja tu. Panda kidogokidogo, uhesabu vyote viwili kila jioni. Wale 20 ndio wa kuangalia: wakianza kuwa 40, wameanza kujipikia.

MamaKokoto: Kuna mama ameonekana getini jana na beseni. Sijajua ameweka nini.

Kandambili: Kama ni maandazi, hesabu yote hii ianze upya.