Kitufe cha dharura: cha Samsung, cha aifoni au programu ya kupakua?

MamaZai_Mbagala: Habarini ndugu zangu. Binti yangu anafanya kazi zamu ya usiku, anarudi saa sita na bajaji. Nataka akibonyeza kitufe mara kadhaa, mimi na mjomba wake tupate meseji ya mahali alipo. Yeye ana Samsung ya mkono wa pili, mjomba ana Tecno, mimi natumia kiswaswadu. Kuna anayesema tununue aifoni iliyotumika, mwingine anasema apakue programu tu. Kipi kinafanya kazi kweli?

Kibopa_77: Mama, Samsung zote ni kubonyeza kitufe cha kuwashia mara tatu, meseji zinaenda. Usihangaike na aifoni.

FundiLaini: Kibopa yuko sahihi kwa simu za zamani. Kule kuna sehemu inaitwa `Send SOS messages`. Ukiiwasha na kuweka namba, mibonyezo mitatu ya haraka inatuma SMS yenye kiungo cha ramani. Kwenye matoleo mapya ni mibonyezo mitano, na sehemu yenyewe ni `Settings` > `Safety and emergency` > `Emergency SOS`. Huko simu inahesabu sekunde chache, kisha inapiga namba ya dharura, ambayo kwetu ni 112, na inawapa taarifa uliowachagua kama umewasha sehemu ya kuwashirikisha. Mama, fungua menyu uone ipi ipo, usikariri idadi. Na mwambie abonyeze upesi bila kusita, maana akibonyeza polepole simu itahesabu mbili na kufungua kamera.

Juma_wa_Tanga: Mimi simu yangu iliibiwa Jumamosi, hicho kitufe kitanionyesha mwizi yuko wapi?

FundiLaini: Hapana, Juma. Hiki anabonyeza mwenye simu. Yako ni habari ya `Find Hub`, iliyokuwa ikiitwa `Find My Device`, fungua uzi wako.

Mwanaidi_Msa: Mimi nina aifoni, na nitasema ukweli: kwa jambo la mama huyu si chaguo langu la kwanza. Inapiga simu ya dharura kwanza, na meseji za mahali zinaenda kwa watu wako baada ya simu hiyo kukatika, ukiwa umewaweka kwenye `Medical ID`. Kama nia ni mjomba tu ajue, umeshazunguka. Halafu ile hesabu ya mwanzo ina king'ora. Kwenye matoleo ya karibuni kuna `Call Quietly` inayokizima. Mimi niliiwasha hiyo `Call Quietly` siku ya kwanza, nikiwa na hofu ya mtu aliye kando yangu kusikia.

Kibopa_77: Basi programu ya kupakua ndiyo jibu, haina masharti.

FundiLaini: Ina masharti kuliko zote. Programu nyingi za aina hiyo hazikioni kitufe chenyewe, zinahesabu kioo kikiwaka na kuzimika. Lazima programu iwe hai nyuma wakati wote, na simu nyingi za bei nafuu zinaiua ili kulinda betri. Ukijaribu mchana inafanya kazi. Iache usiku kucha, jaribu alfajiri, kimya. Ukiitumia, nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu bila kizuizi, kisha uijaribu hiyo hiyo alfajiri.

MamaZai_Mbagala: Asante fundi. Tumekuta ya mara tatu. Tumejaribu jana, mjomba hakupata kitu! Mimi pia.

FundiLaini: Laini ipi inatuma SMS? Ina salio?

MamaZai_Mbagala: Kumbe! SMS zilikuwa zimewekwa laini ya pili, ile ya kupokea tu. Kifurushi kiko kwenye ya kwanza. Tumebadilisha, mjomba amepata.

FundiLaini: Hapo ndipo wengi wanaanguka. Ni SMS ya kawaida, inakula kifurushi au salio. Kama simu inatoa chaguo la kuambatanisha picha, zima, maana picha hupita njia ya MMS na huku mara nyingi inakwama. Na hakikisha `Location` iko wazi muda wote. Mjomba ataona mfano huu:

```
https://maps.google.com/?q=-6.90,39.27
```

Akigusa, ramani inafunguka. Wewe kwenye kiswaswadu utaona maandishi tu.

MamaZai_Mbagala: Kwa hiyo mimi sina faida?

Mwanaidi_Msa: Unayo, shoga. Ukiiona tu, mpigie mjomba umwamshe. SMS ya saa sita usiku haimwamshi mtu aliyelala.

Kibopa_77: Hilo la kubonyeza kwa bahati mbaya mfukoni je? Kwangu ilituma mara mbili wiki moja, mke wangu akaacha kuamini.

FundiLaini: Kwa mibonyezo mitatu hutokea. Mitano ni nadra zaidi, lakini mwenye hofu anaweza kukosea hesabu. Mimi bado sijaamua ipi bora.

MamaZai_Mbagala: Tumekubaliana akibonyeza kwa makosa apige simu papo hapo. Asipopiga, mjomba anawasha pikipiki.